Nimekubali kazi kwa Kifaransa, wananijibu "tunasubiri kibali chako". Nimekosea wapi?

#1 Binti_Rau

Wakuu habari za asubuhi. Naandika nikiwa Moshi, kichwa kinauma.

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa mjini, mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita nilifanya usaili na kampuni ya utalii ya Arusha ambayo wageni wake karibu wote ni Wafaransa. Kampuni imesajiliwa hapa, wenye nayo wako Lyon. Jumatatu tarehe 9 nikapata ofa kwa barua pepe, yote kwa Kifaransa. Sehemu yenyewe ni hii:

```
Prise de poste : lundi 2 mars 2026
Rémunération annuelle brute : 23 400 000 TZS, versée sur 13 mois
Période d'essai : trois mois, renouvelable une fois
Merci de nous faire part de votre accord sous huitaine.
```

Jana nikajibu hivi:

```
Madame,
Merci pour votre offre. Je serais heureuse d'accepter le poste
avec un salaire de 1 950 000 TZS par mois et je pourrais
commencer début mars.
Cordialement
```

Jioni wakanirudishia mstari mmoja tu, kwamba wameupata ujumbe wangu na "restons dans l'attente de votre accord sur les termes de notre offre". Yaani bado wanasubiri nikubali! Si nimeshakubali jamani? Au ndiyo wananitosa kistaarabu?

#2 Kijana_Majengo

Wamekuona una haraka. Kausha siku tatu, watakutafuta wenyewe na laki mbili juu.

#3 Mzee_wa_Kahawa

Binti, kwanza hongera. Ila kabla hujakubali hakikisha suala la viza. Ufaransa kuna baridi na chumba ni ghali, hiyo milioni moja na laki tisa haitoshi hata kodi ya nyumba. Mpwa wangu alikwenda akarudi baada ya miezi minne.

#4 Kijana_Majengo

Mzee shikamoo. Kazi iko Arusha. Baridi yake ni ile ile ya Juni unayoijua.

#5 Mzee_wa_Kahawa

Marahaba. Nilisoma Lyon nikaishia hapo. Basi viza aache, achukue koti.

#6 Umbwe_Original

Hakuna kosa lolote kwenye barua yako dada. Wafaransa ndivyo walivyo, kwao neno kwenye barua pepe si kitu mpaka karatasi. Unachapa ile ofa, unaandika kwa mkono wako "Bon pour accord", yaani "nimekubali", tarehe, sahihi, unapiga picha unarudisha. Mimi niliendesha wageni wa Kifaransa miaka kumi na moja na kila mkataba ulikuwa hivyo. Ndicho wanachosubiri, mengine mnajisumbua.

#7 Mwl_Ngarenaro

Habari wote. Nafundisha Kifaransa hapa Arusha, sekondari na jioni watu wazima.

Binti_Rau, isome sentensi yako kana kwamba umeandikiwa wewe. "Je serais heureuse d'accepter" kwa Kiswahili ni "ningefurahi kukubali". Ina NGE ndani yake. "Je pourrais commencer" ni "ningeweza kuanza". Umewaambia kwamba ungefurahi na ungeweza, hujawaambia kwamba umekubali na utaanza. Mfaransa wa ofisini akiona hiyo NGE mbili anasubiri "lakini" yako ifuate.

Wanafunzi wangu wote wanaangukia hapa, kwa sababu tunawafundisha kwamba NGE ndiyo adabu. Ni adabu kweli, ila ya kuomba. Unapoomba maji unasema "je voudrais". Unapojibu ndiyo, unasema "j'accepte", kwa wakati uliopo, bila kuzunguka. Si ufidhuli hata kidogo.

#8 Kijana_Majengo

Mshenga kaja na barua ya posa, nyumbani wanamjibu "tungefurahi". Lazima arudi kuuliza mlikuwa mnasemaje.

#9 Afisa_Sakina

Mwalimu yuko sahihi kwenye lugha, ila mimi naona tatizo kubwa zaidi liko kwenye namba. Nashughulikia ajira na mishahara kwenye kampuni moja maeneo ya Sakina.

Dada, hiyo 1 950 000 umeitoa wapi? Kwenye ofa haipo.

#10 Binti_Rau

Asante mwalimu, hapo nimeona. @Afisa_Sakina nimegawa 23 400 000 kwa miezi 12.

#11 Afisa_Sakina

Nilijua. Wao wameandika "versée sur 13 mois". Yaani fedha ya mwaka inakatwa mafungu 13, si 12. Kumi na mbili unapokea kila mwezi, la kumi na tatu mara nyingi linakuja Desemba. Kwa hiyo fungu moja ni 1 800 000. Umewaandikia laki moja na nusu zaidi ya walichotoa. Anayesoma kule haoni mtu aliyekubali, anaona mtu anayebishana bei.

Neno la pili ni "brute". Ni kabla ya makato. Nikuwekee hesabu kwa jedwali la kodi ninalotumia ofisini:

Unatoa kwanza mchango wako wa NSSF, asilimia 10, ambao ni 180 000. Inabaki 1 620 000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya mshahara. Kwa anayezidi milioni moja kodi ni 128 000 jumlisha asilimia 30 ya kile kilichozidi. Kilichozidi ni 620 000, asilimia 30 yake ni 186 000. Jumla ya kodi 314 000. Mkononi inabaki 1 306 000.

Ulidhani ngapi itaingia kwenye simu?

#12 Binti_Rau

Nilidhani 1 950 000 😭

Nilishamwambia mama.

#13 Umbwe_Original

Hapo afisa umenipa somo, ila Wafaransa wengi wakisema mshahara wanamaanisha unaoupata mkononi. Mimi bosi wangu alikuwa akisema laki tano inakuwa laki tano.

#14 Afisa_Sakina

Mkuu, bosi wako alikuwa anakulipa kwa bahasha. Kwa maandishi ni kinyume chake, Ufaransa mishahara ya ofa hutajwa "brut", na mara nyingi kwa mwaka. Anayemaanisha mkononi ataandika "net". Kama hakuna neno lolote kati ya hayo mawili, usikubali kitu, uliza.

#15 Karani_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Nilikuwa mchapaji kwenye ile mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa hapa Arusha kwa ajili ya Rwanda, hadi ilipofungwa mwaka 2015. Kifaransa na Kiingereza vyote vilipita mikononi mwangu. Nina mawili.

La kwanza, umeandika "début mars". Wao wameandika Jumatatu tarehe 2 Machi. "Mwanzoni mwa Machi" ni hata tarehe 9. Katika barua ya kukubali unarudisha siku, tarehe, mwezi na mwaka kama walivyoandika, tena mwezi kwa herufi. Ukiandika 02/03 Mfaransa atasoma tarehe 2 Machi, lakini ukienda kwa Mmarekani hapo jirani atasoma Februari 3. Nimeona mtu alifika kazini mwezi mzima kabla ya wakati, ana chupa ya chai na kila kitu.

La pili, "sous huitaine" ni wiki moja. Ofa ni ya Jumatatu tarehe 9, basi Jumatatu ijayo mlango unafungwa. Ulikuwa unalijua hilo?

#16 Binti_Rau

Shikamoo. Nilihesabu siku nane za kazi. Nikajua nina mpaka tarehe 19.

#17 Mwl_Ngarenaro

Marahaba zake nimpokelee. Karani, kwa mazungumzo huitaine ni wiki, ni kama "quinze jours" ambayo kila mtu anajua ni wiki mbili ingawa inasema kumi na tano. Lakini nimewahi kuona watu wa sheria wakiihesabu nane kamili. Jumatatu au Jumanne, mimi nisingeingia kwenye ubishi huo. Ajibu kabla ya wikiendi.

#18 Karani_Mstaafu

Wiki ni wiki, mwalimu. Kule kwetu huitaine ilikuwa Jumatatu hadi Jumatatu.

#19 Wakili_wa_Kijiweni

Nimechelewa, nilikuwa mahakamani (kama msikilizaji, msinitanie).

Hapa suala ni la kisheria zaidi kuliko lugha. Ufaransa Mahakama yao ya juu, ile Cour de cassation, iliamua tarehe 21 Septemba 2017, kwenye kesi za wachezaji wa raga, kwamba kuna vitu viwili tofauti. Kuna ofa ya mkataba, ambayo mwajiri anaweza kuiondoa kabla hujaikubali, na kuna ahadi ya upande mmoja, ambayo wewe ndiye mwenye kuamua na yeye hawezi tena kurudi nyuma. Ya kwako ni ofa. Maana yake mpaka useme ndiyo iliyonyooka, huna kitu mkononi.

Na ukijibu kwa kubadilisha masharti, kifungu cha 1118 cha sheria yao ya madai kinasema hujakubali, umetoa ofa mpya. Ndiyo maana wanasubiri. Mpira uliurudisha kwao bila kujua.

#20 Afisa_Sakina

Wakili, kampuni imesajiliwa Arusha, kazi inafanyika Arusha. Sheria ya Ufaransa inaingiaje?

#21 Wakili_wa_Kijiweni

Nakubali, nimevuka mpaka bila pasi. Lakini nyumbani ni vile vile. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 7, inataka kukubali kuwe kamili na bila sharti. Raga ondoa, mengine yanabaki.

#22 Umbwe_Original

Basi aandike kwamba anakubali "sous réserve" ya mshahara kuwa 1 950 000. Hilo neno nalijua, limo kwenye kila karatasi ya safari. Linamlinda.

#23 Mwl_Ngarenaro

Umbwe usimponze mtoto wa watu. "Sous réserve de" ni "kwa sharti kwamba". Akiliweka kwenye barua ya kukubali amerudi pale pale alipokwama. Ni la kwao waajiri, kwa mfano "sous réserve de la visite médicale", ofa inasimama ukipita kwa daktari. Likiwa kwenye ofa ulirudishe kama lilivyo, ili ijulikane umeliona. Wewe usilianzishe.

#24 Umbwe_Original

Sawa mwalimu. Ila "Bon pour accord" sijaiacha.

#25 Mama_Ushirika

Jamani mimi nauliza jambo dogo. Binti, hotelini kwako umeshatoa notisi?

#26 Binti_Rau

Bado mama. Nilikuwa nasubiri mkataba kwanza. Kwani ni muda gani?

#27 Mama_Ushirika

Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Leo ni Alhamisi tarehe 12 Februari. Hata ukiipeleka leo unamaliza tarehe 12 Machi. Sasa tarehe 2 utakuwa Arusha na Moshi kwa wakati mmoja?

#28 Kijana_Majengo

Atapanda basi kila siku saa kumi usiku. Zamu ya asubuhi Arusha, zamu ya usiku Moshi, analala Boma Ng'ombe.

#29 Binti_Rau

Nimekaa chini.

Mama nilihesabu kwamba wakituma mkataba nitatoa notisi na wataelewa. Je nilipe tu hotelini nisiwafanyie kazi hizo siku?

#30 Umbwe_Original

Unalipa mshahara wa mwezi mmoja unaondoka siku hiyo hiyo. Ni haki yako.

#31 Afisa_Sakina

Kulipana badala ya notisi kupo, lakini soma mkataba wako wa hoteli kwanza na uzungumze nao kabla hujaita haki. Na ukiwa Moshi, mji wote ni mtaa mmoja, utahitaji barua yao ya utambulisho siku moja.

Mimi ningefanya hivi. Usikubali leo. Waombe tarehe kwanza, kwa ujumbe wake peke yake, usioitwa kukubali. Usiombe tarehe 16 Machi, maana ukisubiri jibu lao hadi Jumatatu ndipo upeleke notisi, siku 28 zinaishia tarehe 16 yenyewe. Omba Jumatatu tarehe 23. Una wiki ya kupumua, na hutapeleka notisi kabla ya kuwa na ndiyo yao kwa maandishi. Wakisema sawa, barua ya kukubali unaiandika ukitaja tarehe mpya kama jambo lililokwisha.

Tofauti ni ndogo ila ndiyo yenyewe. Kuuliza hakuiui ofa. Kusema "nakubali ila nitaanza 23" kunaweza.

#32 Wakili_wa_Kijiweni

Naunga mkono, ingawa mwajiri mwenye hasira anaweza kuondoa ofa hata ukiuliza kwa heshima, mradi hujaikubali. Hatari ipo.

#33 Kijana_Majengo

Na mshahara aombe humo humo. Milioni mbili. Mwombaji mmoja, maombi mawili.

#34 Mama_Ushirika

Tarehe ni lazima, mshahara ni hamu. Usivifunge pamoja.

#35 Afisa_Sakina

Mimi sikubaliani sana na mama hapo. Kama 1 306 000 mkononi haimtoshi kupanga Arusha, aseme sasa, si baada ya kukubali. Binti, inakutosha?

#36 Binti_Rau

Ni zaidi ya ninachopata hapa, kwa mbali kidogo. Nitakaa kwa dada Kijenge miezi ya mwanzo. Mshahara nauacha.

Mwalimu unisahihishie hii tafadhali:

```
Madame,
Votre offre m'intéresse vivement. Avant de vous donner ma
réponse, me serait-il possible de prendre mes fonctions le
lundi 23 mars au lieu du 2 mars ? Je dois un préavis de
28 jours à mon employeur actuel.
Bien cordialement
```

#37 Mwl_Ngarenaro

Safi. Na uone, hapa NGE ya "serait-il possible" imekaa mahali pake, kwa sababu unaomba. Ingekuwa kosa kuiondoa. Tuma.

#38 Mzee_wa_Kahawa

Sasa "Madame" peke yake, bila jina? Si atadhani hujui unamwandikia nani?

#39 Karani_Mstaafu

Ndivyo wanavyofanya mzee. Kwenye barua rasmi unaandika Madame au Monsieur, koma, basi. Ukiweka na jina la ukoo, wa zamani wanaona umewaita kama muuza duka. Vijana wao siku hizi wanachanganya, lakini kwa barua ya kazi kaa upande wa zamani.

#40 Mzee_wa_Kahawa

Kwetu usipotaja jina na ukoo na mlima uliotoka, barua haijafika.

#41 Binti_Rau

Wakuu! Leo Ijumaa saa nne asubuhi wamejibu. Tarehe 23 Machi hakuna shida, wanasubiri "accord" yangu. Sasa nataka kuandika ile ya mwisho na sitaki kurudi hapa kulia. Niweke nini na niache nini?

#42 Mwl_Ngarenaro

Jibu kwenye mnyororo ule ule wa ujumbe ili ofa yao ibaki chini ya barua yako. Sentensi ya kwanza itaje ofa kwa tarehe yake na iseme "je l'accepte". Kisha rudisha tarehe, mshahara, masharti, kwa maneno yao, si kwa tafsiri yako. Wakiandika "prise de poste" usiandike kitu cha kubuni. Wakiandika "à compter du", andika "à compter du".

Usiandike "je suis excitée" kuonyesha furaha. Nimeona wanafunzi watatu wakiandika hivyo. Kwa Kifaransa ina maana ya chumbani. "Ravie" inatosha, na kwako ni ravie yenye e, wewe si kaka.

#43 Kijana_Majengo

Mwalimu taja hao wanafunzi watatu walijibiwaje.

#44 Afisa_Sakina

Kwenye mshahara usirudishe tu ile 23 400 000. Ongeza "soit 1 800 000 TZS bruts par mois". Hiyo "soit", yaani "sawa na", ndiyo mtego wako kwao. Kama hesabu yao ilikuwa nyingine, watashtuka na kukwambia sasa hivi, si mwisho wa Machi ukiwa umeshikilia slipu ya mshahara. Namba ziache na nafasi katikati kama walivyoziandika, usiweke nukta wala koma, maana koma kwao ndiyo inayoanza senti.

Na ile "renouvelable une fois" irudishe. Miezi mitatu ya majaribio ikirudiwa inakuwa sita. Kwetu aliye chini ya miezi sita kazini hana ile kinga ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo ujue unakubali nini.

#45 Mama_Ushirika

Na hilo fungu la kumi na tatu, akianza Machi 23 atalipwa lote Desemba?

#46 Afisa_Sakina

Kwa kawaida ni kwa kadiri ya miezi uliyofanya. Lakini hata kwao Ufaransa mwezi wa 13 hautokani na sheria ya jumla, unatokana na mkataba au makubaliano ya sekta. Akiondoka Agosti anapata sehemu au hapati? Ofa haisemi. Aulize kwenye mkataba, si kwenye barua hii.

#47 Wakili_wa_Kijiweni

Ningeuliza hapa hapa.

#48 Afisa_Sakina

Swali ndani ya barua ya kukubali ndilo lililomfikisha hapa.

#49 Wakili_wa_Kijiweni

Swali si sharti. Ila sawa.

#50 Binti_Rau

Hii hapa. Nimeichapa mara tano:

```
Objet : Acceptation de votre offre - chargée de réservations

Madame,

Je vous remercie de votre offre du 9 février 2026 et je vous
confirme que je l'accepte.

Je prendrai mes fonctions à Arusha le lundi 23 mars 2026, date
convenue par votre message du 13 février. J'ai bien noté que la
rémunération annuelle brute est de 23 400 000 TZS, versée sur
13 mois, soit 1 800 000 TZS bruts par mois, et que la période
d'essai est de trois mois, renouvelable une fois.

Je reste dans l'attente du contrat à signer.

Je vous prie d'agréer, Madame, l'expression de mes salutations
distinguées.
```

#51 Mwl_Ngarenaro

Nzuri sana. Jambo moja: ama "agréer mes salutations distinguées", ama "l'expression de mes sentiments distingués". Wakali wa lugha wanasema salamu zenyewe hazielezwi, zinatolewa. Futa "l'expression de".

#52 Karani_Mstaafu

Mwalimu, miaka yote nimechapa "l'expression de mes salutations distinguées" kwa majaji na hakuna aliyerudisha barua.

#53 Mwl_Ngarenaro

Majaji walikuwa na mambo mazito zaidi, karani.

#54 Mama_Ushirika

Si aandike Cordialement amalize? Wao wenyewe wanamwandikia mstari mmoja.

#55 Karani_Mstaafu

Wao ndio wanaoajiri.

#56 Umbwe_Original

Na ile ofa aichape, aandike "Bon pour accord", apige picha aambatanishe. Mkono haudhuru.

#57 Wakili_wa_Kijiweni

Si lazima. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ndiyo ya kwenye barua pepe ni ndiyo. Lakini Umbwe safari hii sina ugomvi na wewe, haidhuru kweli.

#58 Binti_Rau

Nimefuta "l'expression de", samahani mzee karani. Nimeambatanisha na picha ya Umbwe ili wote mlale vizuri. Imekwenda saa nane na dakika kumi. Notisi ya hoteli iko kwenye bahasha ndani ya droo, siipeleki bado.

#59 Binti_Rau

Jumatatu leo. Wamejibu sasa hivi: "Bien reçu, merci. Le contrat vous parviendra cette semaine."

#60 Umbwe_Original

Niliwaambia! Bon pour accord.

#61 Mwl_Ngarenaro

Ni "je l'accepte".

#62 Afisa_Sakina

Ni 1 800 000. Waulizeni wao.

#63 Karani_Mstaafu

Tarehe. Hakuna aliyeizungumzia tarehe kabla yangu.

#64 Mama_Ushirika

Hongera mwanangu. Sasa hiyo "bien reçu" maana yake wamekubali?

#65 Mwl_Ngarenaro

Maana yake imefika.

#66 Mama_Ushirika

Basi bahasha ibaki kwenye droo mpaka huo mkataba uje.

#67 Binti_Rau

Mama, tarehe 23 ukitoa siku 28 ni lini?

#68 Afisa_Sakina

Jumatatu ijayo, tarehe 23 Februari. Una wiki moja.

#69 Kijana_Majengo

Huitaine.